Salamu Kwenye Mstari Mwekundu

Uso wangu umenuna tangu nizaliwe. Sijakasirika, nimekaa zangu tu, lakini anayepita anadhani nimetoka kutukanwa. Kule stoo ya shule nilikofanya kazi miaka mingi walimu walikuwa wanasema nina kiburi, na ilipofika zamu ya kupunguza watu hakuna aliyefungua mdomo kunitetea. Tangu hapo nalala kwenye kochi la kaka yangu. Kochi lenyewe fupi, na subira ya mke wake ni fupi zaidi.

Simsemi vibaya wifi yangu. Ndiye aliyesikia kwamba hospitali kubwa inatafuta mtu wa kufua, akaniombea nafasi kwa mtu anayemfahamu. Na usiku wa kuamkia siku yangu ya kwanza alinikalisha chini akanifundisha kusalimia, mimi mtu mzima na mvi zangu. Yeye amewahi kuwa mpokea wageni hotelini, na mambo ya tabasamu anayajua kama mwalimu anavyoijua chaki.

"Wifi, usiingie kazini kama mdai," aliniambia. "Fika mapema. Ukikuta mtu ana mzigo, msaidie. Mfuate kila mmoja alipo, mpe mkono, jitaje, tabasamu. Halafu muulize habari zake, watoto wake. Watu wanapenda kuulizwa habari zao. Usisubiri wakufuate wewe."

"Na asiyetaka kusalimiana je?"

"Hakuna asiyetaka. Wewe ndiye huwa hutaki."

Hapo aliniuma, kwa sababu ni kweli. Nilisimama mbele ya kioo cha bafuni nikafanya mazoezi ya kutabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Nilikuwa naogopa. Kaka alikuwa amekwisha kuniambia, kwa upole wake ule unaokata kuliko ukali, kwamba nikipoteza na hii itabidi tuzungumze. Nilijua tutazungumza nini.

Basi asubuhi nikafika kabla ya wengi. Jengo la madobi liko nyuma kabisa ya hospitali, baada ya jiko na jenereta, mahali ambapo wagonjwa hawafiki. Lango lilikuwa wazi. Mhudumu wa wodini alikuwa anahangaika na toroli lililojaa mafurushi ya mashuka, gurudumu moja limegoma. Nikasema, haya, bahati yangu hii. Nikaweka pochi begani, nikashika toroli kwa mikono yangu miwili, tukasukuma. Furushi moja likaanguka, likafunguka. Nikaliokota na kulikumbatia, nikalirudisha juu. Yule mhudumu aliniangalia kidogo, akasema asante, akaenda zake.

Ndani kulikuwa na mwanamume mmoja, amevaa buti za mpira, aproni ya plastiki na glavu nene mpaka viwikoni, anajaza mashine. Mashine zenyewe zimejengwa ndani ya ukuta: zina mdomo huku na mdomo kule. Alikuwa anaongea peke yake, au na mashine, sikujua. Baadaye nilikuja kujua wanamwita Redio.

"Shikamoo kaka, mimi ndiye mgeni wenu," nikamwambia, na tabasamu langu la bafuni, na mkono nimenyoosha.

Akainua mikono yote miwili juu kama aliyeelekezewa bunduki. "Karibu, karibu, mgeni. Ila subiri kwanza Msimamizi aje, ameitwa wodini, akuone—"

Sikusubiri. Nilijiambia huyu ana kazi, nisimkwaze, niwafuate wengine. Kupitia mlango uliokuwa katikati niliona chumba cha pili, cheupe, kikavu, kina harufu nzuri ya nguo iliyopigwa pasi. Kwenye kizingiti kulikuwa na mstari mwekundu mpana uliopakwa sakafuni, na pembeni yake sinki. Niliuona mstari. Nilidhani ni pambo, au wa kuzuia maji. Nikauruka.

Kulikuwa na dada wawili wanakunja shuka, mmoja ameshika ncha hizi na mwingine zile, wanakaribiana na kuachana kama wanaocheza. Nikampa mkono wa kwanza. Alishtuka, akaupokea kabla hajafikiri. Wa pili akarudi nyuma. Nikaenda kwa mama mmoja mzee aliyekuwa kwenye pasi, mwembamba, kichwa amekifunga kitambaa cheusi. Nikampa shikamoo yangu ya heshima, nikapiga na magoti kidogo, nikanyoosha mkono.

Akauangalia mkono wangu. Akautazama kwa muda mrefu, halafu akaficha mikono yake chini ya aproni.

Mtu mwenye akili angeondoka. Lakini mimi nilikuwa na mafunzo. Nikasema moyoni, huyu ndiye asiyetaka, huyu ndiye wa kumtabasamia zaidi. Nikaegemea rundo la mashuka ya kijani yaliyokuwa mezani, yamekunjwa vizuri, mengi mpaka kifuani kwangu, nikayawekea kiganja kama mtu aliyekaa kwa shoga yake. Nikauliza:

"Una watoto wangapi, mama?"

Dada wawili wakaacha kukunja, shuka ikabaki inaning'inia katikati yao. Pasi ikatoa mvuke. Yule mama alichomoa waya wa pasi ukutani, akaweka pasi yake wima, akageukia dirishani akanipa mgongo.

"Amegusa," mmoja wa wale dada akasema, kwa sauti ndogo. "Amegusa ya upasuaji yote."

Msimamizi akaingia wakati huo huo. Ni mtu mfupi, mchovu, mwenye kalamu sikioni. Aliangalia mkono wangu juu ya rundo, akaangalia aliko Redio akichungulia mlangoni, akaangalia miguu yangu.

"Umepitia wapi?"

"Mlango ule."

"Umeshika nini kule?"

Nikamweleza kuhusu toroli, na furushi lililoanguka. Nilikuwa bado natabasamu, Mungu anisamehe. Sikujua namna ya kuuondoa ule uso.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini bakuli limevunjika. Kule nilikotoka ni upande mchafu. Nguo zinakuja na damu, na matapishi, na magonjwa ambayo hayaonekani kwa macho. Huku ni upande safi. Nguo inavuka kwa njia moja tu, kwa kupita ndani ya mashine. Mtu havuki bila kuvua na kunawa. Na wa upande mchafu hampi mtu mkono, hata angekuwa mama yake mzazi, mpaka kazi iishe na anawe. Mashuka yale ya kijani yalikuwa yanakwenda kuchemshwa kwa mvuke, kisha chumba cha upasuaji. Walikuwa wanayasubiri.

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa yanarudi kwenye maji. Yote. Na hii iliyokuwa mikononi mwa hawa, nayo. Na meza ifutwe kwa dawa." Akashusha pumzi. "Chai leo hatunywi, jamani."

Yule dada niliyempa mkono alikwenda sinki, akanawa, akasugua mpaka kwenye kiwiko. Nilimwangalia anavyosugua. Nilitamani sakafu ifunguke.

Msimamizi alinivusha mstari akanionyesha pa kunawa, kisha akanipa aproni, buti, na glavu nene. Glavu zilikuwa kubwa, vidole vyangu vilikuwa vinaogelea humo ndani. Aliniambia hapakuwa na nyingine kwa leo, nizifunge kwa kamba kwenye mkono. Halafu akasema neno lililonikaa kooni siku nzima.

"Mimi sichagui watu peke yangu. Jioni namuuliza Mama Pasi. Yeye ndiye mkongwe hapa. Akisema mtu huyu hafai, namrudisha alikotoka. Ndivyo tulivyo."

Mama Pasi ndiye yule wa kitambaa cheusi.

Nikaanza kazi. Kazi yenyewe ni kuchambua: foronya huku, mashuka huku, magauni ya wagonjwa kule, yenye damu peke yake. Redio alinifundisha. Shuka haikung'utwi, inafunguliwa polepole, pembe kwa pembe, unaiangalia kabla hujaishika. Huingizi mkono kwenye furushi usiloliona. Alikuwa ananifundisha na kunitania kwa wakati mmoja, maana huyo mtu akinyamaza nafikiri anakufa.

"Lakini Mheshimiwa, ulivyoingia! Mimi nikasema, kumbe kampeni zimeanza. Mkono hapa, mkono pale, habari za watoto. Bado kugawa fulana."

"Niache, kaka."

"Ningekupigia kura mimi. Wallahi. Ila umekosa kura moja tu, na hiyo moja ndiyo yenye sanduku."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikamwambia ukweli: kwamba mimi si mtu wa kusalimia, kwamba nimefundishwa jana, kwamba kwa kaka yangu sina pa kurudi isipokuwa kuaga. Alinisikiliza, na kwa mara ya kwanza mikono yake ikasimama.

Kati ya vyumba viwili kuna dirisha la kioo lisilofunguka. Redio akalisogelea, akaligonga kwa fundo la kidole, mara mbili, polepole. Kule ng'ambo yule dada mmoja akainua macho akagonga na yeye.

"Hiyo ndiyo salamu ya hapa," akasema. "Asubuhi unagonga, jioni unagonga. Ukigongewa ukaitika, mmesalimiana. Mengine yote ya nje."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinipa nafasi?"

Hakuwa ananilaumu, na ndiyo maana iliniuma. Baadaye, tulipokuwa tunayarudisha mashuka ya kijani ndani ya maji, akaniambia jambo jingine. Alipunguza sauti, jambo ambalo nadhani halikuwa rahisi kwake.

Mama Pasi alikuwa na binti. Mmoja. Alimwombea kazi mwenyewe, akawekwa hapa hapa nilipokuwa nimesimama mimi, upande huu. Msichana mcheshi, Redio alisema, akigonga kioo anagonga na wimbo. Kuna nesi alisahau sindano ndani ya shuka. Ikamchoma binti kidoleni, kupitia kwenye glavu. Hakusema. Alikuwa mgeni, bado anatazamwa, aliogopa ataonekana mzembe na kumwaibisha mama yake. Alipokuja kusema macho yalikuwa yamekwisha kuwa ya njano, na ini lilikuwa limekwisha kuharibika.

"Kile kitambaa cheusi," nikasema.

"Hakijavuliwa."

Nilikaa juu ya ndoo. Nilimkumbuka yule mama akiuangalia mkono wangu, mkono mtupu uliotoka kukumbatia furushi, na mimi nimekenua meno namuuliza ana watoto wangapi. Nilijichukia kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri. Na katikati ya kujichukia huko, niseme kweli, kulikuwa na woga wa kazi. Nilifikiri: basi, imekwisha, huyu hawezi kunikubali, na mimi ningekuwa yeye nisingekubali.

Mchana ulikwenda hivyo. Mvua ilianza nje, ikawa inapiga mabati, chumba kikawa na giza la jioni kabla ya jioni. Nilijaribu mara moja. Nilikwenda kwenye kioo, nikagonga mara mbili kwa glavu yangu kubwa. Mama Pasi alikuwa karibu tu, anapiga pasi. Alisikia, nilimwona bega likisimama. Hakugeuka. Nikarudi kwenye mafurushi yangu.

Furushi la mwisho lilitoka wodi ya akina mama. Nililifungua kama nilivyofundishwa, pembe kwa pembe. Shuka ya kwanza safi, ya pili safi. Ya tatu nilipoivuta, kitu kikameta kwenye mkunjo, kidogo, chembamba, karibu na kidole gumba cha glavu.

Nikaganda. Sikupiga kelele ya maana, nilisema tu, "Sindano."

Redio akafika. Akaniambia nisisogeze mkono. Alichukua koleo refu linaloning'inia ukutani, akaichomoa sindano kwenye mkunjo taratibu, akaitumbukiza kwenye kisanduku kigumu cha njano. Ilipogonga chini tukaisikia. Hapo ndipo nikaangalia glavu yangu, nikaona kwenye ncha ya kidole gumba, kwenye ile sehemu iliyokuwa inapwaya, kitundu.

Kioo kikagongwa. Si mara mbili, mara nyingi, kwa kiganja. Mama Pasi alikuwa amesimama pale, kitambaa kimemrudi nyuma, mdomo unacheza. Sikumsikia. Halafu akaacha kioo, akaja mlangoni, akasimama vidole vya miguu vimegusa mstari mwekundu upande wake.

"Imekuchoma?"

Ndilo neno la kwanza aliloniambia.

"Sijui, mama."

"Husemi sijui. Vua. Nawa. Maji mengi na sabuni. Usikamue kidole, acha maji yapite. Vua!"

Nilivua glavu, nikanawa kwenye lile sinki la mlangoni. Sabuni ikawa inaniponyoka. Yeye alisimama karibu mno akiangalia, anahema. Nilipofunga maji akasema, "Lete."

Nikanyoosha mikono juu ya mstari. Akaishika. Mikono yake ilikuwa ya moto kwa pasi, mikavu, ina nguvu. Akaigeuza viganja juu, akaisogeza kwenye mwanga, akaanza kuangalia kidole kimoja kimoja. Alikuwa anakibonyeza pembeni, anakiinamia, anakwenda kingine. Kidole gumba alikiangalia mara mbili, mara tatu.

"Hakuna kitu," akasema mwishowe. "Imetoboa mpira. Wewe hukujaa humo ndani."

Lakini hakuniachia. Aliendelea kuishika mikono yangu, anaiangalia, na nikaelewa kwamba haikuwa tena mikono yangu anayoiangalia. Nilitamani kusema pole. Wifi yangu angejua aiseme vipi. Mimi uso wangu ukawa ule ule nilionao siku zote.

"Uliniuliza asubuhi," akasema.

"Nisamehe, mama. Sikujua."

"Mmoja," akasema. "Nilikuwa na mmoja. Na jioni alikuwa anakuja hapa kwenye mstari, ananawa, ananipa mkono tunakwenda nyumbani. Alinipa mkono wenye tundu, na mimi sikuuangalia."

Akaniachia. Akarudisha kitambaa chake mbele, akarudi kwenye pasi. Nilimsikia akichomeka waya.

Kazi ilipoisha Msimamizi alikuja na kalamu yake sikioni. Mashuka ya kijani yalikuwa yamekwenda, yamechelewa lakini yamekwenda. Alisimama katikati ya vyumba viwili, akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kuondoka, "Mama, vipi huyu mgeni?"

Nilikuwa nimesimama karibu na sinki, nimeshika pochi yangu kwa mikono miwili. Nilikwisha kupanga maneno ya kumwambia kaka.

Mama Pasi hakuinua kichwa. Alipitisha pasi kwenye shuka mpaka mwisho wa meza, akaikunja nusu, akaipitisha tena.

"Kesho asiguse kitu mpaka apelekwe kwa daktari wa wafanyakazi achanjwe," akasema. "Na mtafutie glavu za saizi yake. Usiniambie stoo hazipo. Mtafutie."

Msimamizi akaitikia kwa kichwa. Redio aliyekuwa nyuma yangu alikohoa, akanong'ona, "Mheshimiwa, umepita." Sikugeuka, kwa sababu ningegeuka ningelia mbele yake, na hiyo angeitangaza mpaka wodini.

Nilitembea nyumbani kwenye manyunyu. Ungedhani nilipaswa kufurahi. Kazi nimepata, kochi nitaliacha. Lakini kila nilipoangalia mikono yangu nilikuwa naona ilivyokuwa imeshikwa, nikawa naificha kwenye mifuko ya koti.

Wifi alinifungulia mlango kabla sijabisha. Alikuwa na hamu kuliko mimi.

"Haya niambie. Uliwapa mkono?"

"Niliwapa."

"Uliwauliza habari zao? Watoto?"

"Niliuliza."

"Umeona! Wakakujibu?"

Nikavua viatu. Nikaenda bafuni, nikafungua bomba, nikaacha maji yapite juu ya vidole muda mrefu. Alinifuata mpaka mlangoni, bado anasubiri jibu, bado anatabasamu.

"Mmoja alinijibu," nikamwambia.